DAFTARI LA PRESHA NA SUKARI YA MZEE NYUMBANI
Jinsi ya kuliandika, na jinsi ya kulisoma

Mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa anajua kazi ya daftari. Ng'ombe akishuka kutoka lita 12 hadi lita 9, mkulima huyo hafungui domo kumlaumu mkamuaji. Hufungua daftari, akatazama ni siku gani maziwa yalianza kupungua, ni saa ngapi ng'ombe alikamuliwa, na siku hiyo alilishwa nini. Hesabu ya lita peke yake haitoshi. Ni tarehe, saa na maelezo yaliyoandikwa kando yake ndiyo yanayomwonyesha sababu.

Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru kuna mzee mwenye presha ya damu na kisukari pamoja, na kuna mashine ya kupimia iliyonunuliwa na watoto. Hata mahali pasipo na mashine, mhudumu wa afya ya jamii aweza kupita na yake, kwa maana tangu Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu hao mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Basi kupima si shida kubwa kama zamani. Shida ni kwamba nambari huandikwa nyuma ya kalenda, au hukaa ndani ya simu ya mtoto mmoja, na siku ya kliniki mzee hufika mbele ya daktari akiwa na nambari ambazo hazimwambii daktari kitu. Somo letu la mwezi huu laeleza namna ya kuchora ukurasa wa daftari hilo, namna ya kuujaza, na namna ya kuusoma.

UKURASA WENYEWE

Nunua daftari la shule la kurasa 96. Usitumie karatasi moja moja, kwani zitapotea. Juu ya kila ukurasa andika jina la mzee, mwezi na mwaka, kisha dawa zake zote na saa za kuzimeza. Chini ya hayo chora mistari ya kusimama upate nafasi saba: Tarehe, Saa, Presha ya kwanza, Presha ya pili, Mapigo, Sukari, Maelezo. Nafasi ya Maelezo iwe pana kupita zote. Watu wengi huifanya nyembamba kama kidole, na hilo ndilo kosa linaloliharibu daftari tangu mwanzo.

Presha huandikwa kwa nambari mbili. Ile ya juu, ambayo mashine huiandika SYS, ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Ile ya chini, DIA, ni nguvu iliyobaki wakati moyo unapopumzika. Andika zote mbili kama mashine ilivyosema. Ikisema 147/83, usiandike 150/80 kwa kutaka nambari nzuri. Wala usipime mara nne ukachagua ile iliyokupendeza. Na ukikosa kupima, piga mstari mahali hapo. Usibuni nambari, kwa sababu daktari atatoa dawa kwa nambari hiyo uliyoibuni.

Sukari katika nchi yetu hupimwa kwa kipimo cha mmol/L. Lakini mashine nyingine, hasa zile zilizoletwa na watoto walio ng'ambo, husema kwa mg/dL. Nambari 126 kwenye mashine ya namna hiyo ni sawa na 7.0 kwenye mashine ya kwetu. Yaani hugawanywa kwa 18. Andika kipimo cha mashine yako juu ya ukurasa, na usichanganye mashine mbili bila kueleza.

HABARI YA SAA

Hapa sharti tutulie kidogo. Sisi twahesabu saa kwa Kiswahili: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja asubuhi ndiyo ile ambayo simu huonyesha 07.00. Mjukuu akipima sukari saa sita u nusu mchana, kabla ya chakula, aweza kuandika "6.30". Daktari akisoma "6.30" atadhani ni alfajiri kabla ya chai. Kama sukari hiyo ilikuwa chini, atafikiri kwamba dawa ya jioni ndiyo iliyomshusha mzee usiku, naye atapunguza dawa ya jioni, kumbe ni ile ya asubuhi yenye makosa. Kosa la kuandika saa limekwisha kuwa kosa la dawa.

Basi andika saa kama inavyoonekana kwenye simu, kwa tarakimu nne: 06.30 ni alfajiri, 12.30 ni mchana, 19.30 ni jioni. Usitegemee saa iliyo ndani ya mashine ya kupimia. Betri zikibadilishwa, mashine nyingi hurudi kwenye tarehe na saa za kiwandani, na mambo yanayohifadhiwa humo baada ya hapo huwa na tarehe za uwongo mpaka mtu airekebishe.

KUPIMA PRESHA ILI NAMBARI IWE YA KWELI

Presha hupanda na kushuka siku nzima, kama maji ya mto Chania wakati wa mvua na kiangazi. Twataka kuipima katika hali moja kila siku, ndipo tuweze kulinganisha. Pima asubuhi na jioni. Asubuhi iwe kabla ya dawa na kabla ya chai, baada ya mzee kwenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa huipandisha presha. Nusu saa kabla ya kupima asiwe amefanya kazi, amekunywa chai au kahawa, wala kuvuta tumbako.

Mketishe kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, asipishanishe. Mkono uwe juu ya meza, mkanda wa mashine ukiwa sawa na moyo. Akae hivyo dakika 5 bila kuzungumza, wala wewe usimsemeshe. Kisha pima, ngoja dakika 1, pima tena. Ndiyo maana tulichora nafasi mbili za presha. Mara nyingi ya pili huwa chini kidogo.

Mambo mawili huwakosesha watu wa sehemu zetu. La kwanza ni sweta. Miezi ya Juni na Julai kuna baridi, na mzee hataki kuvua. Mkanda uvaliwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Wala mkono wa sweta usikunjwe ukaubana mkono juu ya mkanda. Mvulie mkono mmoja tu, umfunike shali mabegani. La pili ni ukubwa wa mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa utepe wa fundi cherehani, uone kama unaingia katika sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Mkono utakaoonyesha nambari kubwa ndio utakaotumiwa siku zote. Uandike juu ya ukurasa: "kulia" au "kushoto". Na kama mashine huonyesha mara kwa mara alama ya mapigo yasiyo sawa, andika jambo hilo na umweleze daktari, kwa sababu moyo usiopiga sawasawa huipoteza mashine njia.

KUPIMA SUKARI

Osha mikono ya mzee kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uikaushe kwa kitambaa safi. Maji hayo yana kazi mbili. Huleta damu kwenye vidole vyenye baridi, na huondoa sukari iliyoshika ngozini. Thika ni nchi ya mananasi. Mtu aliyemenya nanasi au embe ana utamu kwenye kidole usioonekana kwa macho. Tone dogo la damu likigusa utamu huo, mashine itasoma sukari ya tunda pamoja na sukari ya damu. Kufuta kwa mate au kwa leso hakutoshi.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi. Badilisha vidole. Kila mara tumia kisindano kipya cha mtu huyo huyo, na vilivyotumika vitie katika chupa ngumu yenye kifuniko, si katika taka za jikoni. Vile vipande vya kutia damu vikae ndani ya kopo lao lililofungwa, mbali na jiko na unyevu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo isiwe imepita.

Vipande hivyo vina gharama, na si kila mzee anayehitaji kupima mara nne kwa siku. Ulizana na kliniki ni mara ngapi. Ikiwa ni mara moja tu kwa siku, usipime kila siku alfajiri. Zungusha: leo kabla ya chai, kesho kabla ya chakula cha mchana, kesho kutwa kabla ya chakula cha jioni au saa mbili baada ya kula. Na siku yo yote mzee akionekana si wa kawaida, pima papo hapo, hata kama si zamu yake.

MFANO WA UKURASA

Tuseme kuna mama mzee wa miaka 74, akaaye Makongeni, Thika. Siku za kazi yu pamoja na mjukuu wake. Jumamosi na Jumapili huenda kwa binti yake Ruiru. Daftari husafiri naye ndani ya mkoba. Asubuhi humeza amlodipini ya presha, pamoja na metformini na glibenklamidi za sukari. Jioni humeza metformini tena. Huu ni ukurasa wake wa siku nne.

Mwezi: Juni 2025. Mkono: kushoto. Sukari: mmol/L.

| Tarehe | Saa | Presha 1 | Presha 2 | Mapigo | Sukari | Maelezo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Jtt 2 | 06.30 | 152/84 | 146/82 | 72 | 7.4 | Kabla ya dawa na chai |
| Jtt 2 | 19.30 | 144/80 | 142/78 | 70 | – | Amepumzika |
| Jnn 3 | 06.40 | 148/82 | 144/80 | 74 | – | Kabla ya dawa |
| Jnn 3 | 12.30 | – | – | – | 3.6 | Alimeza dawa 07.00, akaenda shamba bila kula. Jasho, mikono inatetemeka. Amepewa sukari vijiko 3 |
| Jnn 3 | 12.45 | – | – | – | 5.2 | Ametulia. Amekula githeri |
| Jnn 3 | 19.30 | 140/78 | 138/78 | 70 | – | Amepumzika |
| Jtn 4 | 07.10 | 168/90 | 154/86 | 88 | – | Ametoka kukamua, hakupumzika dakika 5 |
| Jtn 4 | 16.00 | – | – | – | 15.1 | Alikuwa akimenya nanasi |
| Jtn 4 | 16.10 | – | – | – | 7.9 | Baada ya kunawa kwa sabuni |
| Jtn 4 | 19.40 | 142/80 | 138/78 | 72 | – | Amepumzika |
| Alh 5 | 06.30 | 146/82 | 142/80 | 72 | 7.1 | Kabla ya dawa na chai |
| Alh 5 | 12.20 | – | – | – | 4.1 | Asubuhi chai tu, bila chakula. Kizunguzungu kidogo |
| Alh 5 | 19.30 | 140/80 | 136/76 | 70 | – | Amepumzika |

Angalia jinsi mjukuu alivyoandika. Hakuandika "nzuri" wala "mbaya". Aliandika mambo aliyoyaona: dawa imemezwa saa ngapi, mzee amekula nini au hakula, alikuwa akifanya kazi gani, mwili wake ulikuwaje. Hayo manne, dawa, chakula, kazi na dalili, yatosha kwa Maelezo. Ongeza la tano ikiwa lipo: homa, kuhara, au dawa nyingine aliyopewa, hata ikiwa ni ya miti shamba.

PRESHA HUSOMWA KWA WASTANI

Nambari moja ya presha isikutishe wala isikufurahishe. Kanuni ni kupima kwa siku 7, zisipungue 3, kisha kuacha siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo mzee huwa bado hajaizoea mashine, na kutafuta wastani wa siku zilizobaki. Tufanye hivyo kwa ukurasa wetu. Twaacha Jumatatu. Twaweka kando pia asubuhi ya Jumatano, kwa sababu Maelezo yatuambia mama hakupumzika. Hatuifuti, twaiacha daftarini ili daktari aione, lakini hatuitii katika hesabu.

Zimebaki nambari kumi za juu: 148, 144, 140, 138, 142, 138, 146, 142, 140 na 136. Jumla yake ni 1,414. Gawanya kwa 10, upate 141. Nambari kumi za chini jumla yake ni 794, na wastani ni 79. Basi presha ya mama huyu nyumbani ni 141/79.

Katika kupima nyumbani, mpaka ambao madaktari wengi huutumia ni 135/85. Hospitalini mpaka ni 140/90, kwa sababu mtu akiwa mbele ya daktari presha hupanda kidogo. Mama yetu basi yuko juu kidogo kwa nambari ya juu, na chini ya mpaka kwa nambari ya chini. Hilo si jambo la kumkimbiza usiku. Ni jambo la kuzungumza kliniki. Lakini fikiri kama mjukuu angalipima Jumatano ile tu, mara moja, bila kuandika habari ya kukamua. Daktari angaliona 168/90, na pengine angaliongeza dawa kwa mtu asiyeihitaji sana hivyo. Mzee aliyeongezewa dawa ya presha kupita kiasi huona kizunguzungu anapoinuka kitandani, akaanguka, akavunjika nyonga.

Kwa sababu hiyo, mzee akilalamika kwamba huona giza anapoinuka, pima akiwa ameketi, kisha asimame dakika 1 hadi 3, upime tena akiwa amesimama, wewe ukimshika. Nambari ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, iandike na umpigie simu daktari kabla ya siku ya kliniki.

SUKARI HUPANGWA KWA SAA

Sukari haisomwi kama presha. Ukitafuta wastani wa 3.6 na 15.1 utapata zaidi ya 9, nambari isiyofanana na saa yo yote ya siku ya mama huyu. Wastani umeficha hatari ya kwanza na uwongo wa pili. Sukari hupangwa kwa saa. Chukua ukurasa mpya, ugawe sehemu nne: kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni, na saa mbili baada ya kula. Nukuu kila nambari mahali pake, kama vile mtu apangavyo kahawa mbuni kwa daraja zake.

Kabla ya chai mama ana 7.4 na 7.1. Kwa mzee wa umri wake hizo si mbaya, kwa maana madaktari hawawabani wazee kama wanavyowabana vijana. Lengo lake hasa aliseme daktari wake. Alasiri ana 15.1, lakini baada ya kunawa ikawa 7.9, na dakika kumi hazitoshi kuishusha sukari kiasi hicho. Ile 15.1 ilikuwa ya nanasi. Kabla ya chakula cha mchana ana 3.6 na 4.1. Hapa ndipo jambo lilipo. Mara mbili katika siku nne sukari imeshuka wakati ule ule, na mara zote mbili Maelezo yasema jambo lile lile: asubuhi hakula chakula.

Katika dawa zake, metformini peke yake mara chache humshusha mtu hivyo. Glibenklamidi ni nyingine. Hiyo huliamuru kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na katika mwili wa mzee, hasa mwenye figo zilizochoka, hukaa muda mrefu. Mtu aliyeimeza akaenda kupalilia bila uji wala kiazi kitamu, sukari yake itaisha kabla ya adhuhuri. Madaktari wengi siku hizi huepuka kuwapa wazee dawa hiyo, na ukurasa kama huu ndio unaoweza kumfanya daktari aibadilishe. Mjukuu asiipunguze wala asiiondoe kwa shauri lake. Kazi yake ni mbili: kuhakikisha kwamba hakuna dawa ya sukari inayomezwa kabla ya chakula kuwa mezani, na kupeleka daftari kliniki upesi, asingojee tarehe ya mwezi ujao.

Fikiri sasa kama ukurasa huo haungekuwa na saa wala maelezo. Daktari angeona 7.4, 15.1, 7.1 na 7.9, kwa kuwa watu hupenda kuandika zile kubwa, naye angesema sukari bado iko juu, akaongeza glibenklamidi. Wiki ya pili mama huyo angaliokotwa shambani amelala.

SIKU AMBAYO HUNGOJEI DAFTARI

Yako mambo ambayo huandikwa baadaye; kwanza mtu aokolewe. Yaandike haya ndani ya jalada la daftari.

Sukari ikiwa chini ya 4.0, au mashine ikionyesha LO, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari vilivyokorogwa katika nusu kikombe cha maji. Ngoja dakika 15, upime tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Kumbuka kwamba kwa mzee sukari kushuka haionekani sikuzote kwa jasho na kutetemeka. Huenda akaonekana amekasirika bure, amesinzia, au anasema maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Akiwa amezimia, usimtie cho chote kinywani. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali mara moja.

Sukari ikiwa juu ya 15 mara mbili hata baada ya kunawa, pigia kliniki siku hiyo hiyo. Mashine ikionyesha HI, au mzee akiwa na kiu kali, anakojoa sana, anatapika au amelegea, usingoje simu, mpeleke.

Presha ikiwa 180 kwa nambari ya juu au 120 kwa ya chini, au kupita hapo, mtulize dakika 5, upime tena. Ikibaki hapo, mtafute daktari siku hiyo hiyo. Lakini kama ana maumivu ya kifua, anahema, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauna nguvu, au ulimi mzito, usikae kurudia kupima. Aliye Makongeni aende Hospitali ya Thika ya Ngazi ya 5. Aliye Ruiru aende ile iliyo karibu naye ipokeayo watu wa dharura usiku na mchana. Chukua daftari pamoja na dawa zenyewe, na mwambie daktari ni saa ngapi mzee alionekana mzima mara ya mwisho.

DAFTARI LENYE WAANDISHI WAWILI

Mzee wetu hukaa nyumba mbili, basi daftari lina waandishi wawili. Wapatane mambo matatu. Daftari ni moja tu, nalo hufuatana na mzee. Asiwepo wa kuandika lake kando. Mashine zisafiri pia, kwa sababu mashine mbili zaweza kutofautiana kidogo. Na kila mwandishi atie herufi ya jina lake mwisho wa Maelezo, ili daktari akiuliza, "Siku hii alikula nini?" ijulikane ni nani wa kujibu. Mara moja kwa mwaka peleka mashine ya presha kliniki, upime nayo mbele ya muuguzi na kuilinganisha na yao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee ana 158/88 saa 06.30. Maelezo yasema: "Alikuwa anazungumza na simu." Utafanya nini?

2. Katika wiki tatu, sukari kabla ya chakula cha jioni ni 11.8, 12.3 na 11.5, na nyingine zote ni kati ya 6 na 8. Je, utampelekea daktari wastani?

3. Umesoma "Sukari 3.9, saa 7.00" bila neno jingine. Kuna upungufu gani?

Majibu. (1) Iandike pamoja na maelezo yake. Mtulize dakika 5 kimya, pima mara mbili tena, uandike mstari mpya. Usifute ule wa kwanza. (2) Hapana. Mpelekee zilizopangwa kwa saa, na uandike mzee hula nini kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Pengine ni chai ya saa kumi yenye sukari nyingi na mkate. (3) Haijulikani ni saa moja asubuhi, saa moja jioni au saa saba mchana. Haijulikani kama amekula, kama amemeza dawa, wala kama alipewa sukari akapimwa tena baada ya dakika 15.